Uunganishaji wa Kurasa Zinazofanana za Kumbukumbu katika Seva ya Mashine Pepe: Akiba, Gharama ya Prosesa na Usalama kwa Mfano wa Maabara ya Mazimbu, Morogoro

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna kerneli ya Linux inavyounganisha kurasa za kumbukumbu zinazofanana baina ya mashine pepe nyingi zinazoendeshwa na seva moja, utaratibu unaofahamika kwa jina la KSM. Maelezo yamejengwa juu ya mfano wa kihesabu wa maabara ya kufundishia katika Kampasi ya Solomon Mahlangu, Mazimbu. Namba za mfano huo ni za kukadiria. Hazikutokana na upimaji wa seva yoyote iliyopo kampasini. Makala yanaonesha kwamba akiba ya kumbukumbu inaweza kuwa kubwa, lakini huchelewa kupatikana, hutumia muda wa prosesa, na inaweza kutoweka ghafla. Aidha, ufanano wa kurasa unaotoa akiba hiyo ndio unaomwezesha mtumiaji wa mashine moja kupeleleza mashine ya jirani. Kwa hiyo uamuzi wa kuutumia unapaswa kufanywa kwa kila mashine kulingana na siri iliyomo, si kwa seva nzima kwa pamoja.

1.0 Utangulizi

Mazimbu, nje kidogo ya mji wa Morogoro, palikuwa na shule ya wapigania uhuru wa Afrika Kusini wa chama cha ANC. Mwaka 1992 eneo hilo lilikabidhiwa kwa Serikali ya Tanzania, na leo ni Kampasi ya Solomon Mahlangu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Miongoni mwa masomo yanayofundishwa hapo ni taaluma ya habari na kompyuta. Ufundishaji wa somo hilo una hitaji moja linalojirudia: kila mwanafunzi apate mashine anayoweza kuiharibu na kuijenga upya bila kumsumbua mwenzake. Njia ya kawaida ya kukidhi hitaji hilo ni mashine pepe, yaani kompyuta inayoigizwa na programu ndani ya seva moja yenye nguvu. Seva hiyo huitwa mwenyeji, na kila mashine pepe huitwa mgeni.

Katika mpango wa namna hiyo, kinachoisha kwanza kwa kawaida ni kumbukumbu. Prosesa inaweza kugawanywa, kwa kuwa mwanafunzi anayesoma maelekezo au kuandika msimbo haitumii kwa wakati huo. Kumbukumbu haina mapumziko ya aina hiyo. Mgeni akishaandika kitu kwenye kipande cha kumbukumbu, kipande hicho hubaki mikononi mwake hata kama hakitazami tena.

Hata hivyo, wageni wa maabara hufanana sana. Wote hunakiliwa kutoka kiolezo kimoja, hutumia mfumo endeshi mmoja wa toleo moja, na hupakia maktaba zilezile za programu. Mwenyeji anajikuta ametunza nakala ishirini na zaidi za kitu kimoja. Swali la makala haya ni hili: inagharimu nini kuzigeuza nakala hizo kuwa moja?

2.0 Namna KSM inavyofanya kazi

Wazo lenyewe lilitangulia Linux. Mwaka 2002 Carl Waldspurger alieleza utaratibu wa kushirikisha kurasa kwa kulinganisha yaliyomo katika programu ya mashine pepe ya kampuni ya VMware. Katika Linux, KSM iliingizwa kwenye kerneli 2.6.32 iliyotolewa Desemba 2009, na iliandikwa na Izik Eidus, Andrea Arcangeli na wenzao.

Kerneli hugawa kumbukumbu katika kurasa, na katika prosesa zinazotumika zaidi kwenye seva ukurasa wa kawaida una baiti 4,096. KSM haipekui kumbukumbu yote ya mwenyeji. Hupekua tu maeneo ambayo programu yenyewe imeyatangaza kuwa yanaweza kuunganishwa, kwa mfano kwa wito wa `madvise` wenye alama ya `MADV_MERGEABLE`. QEMU, programu inayoendesha wageni, hutoa tangazo hilo kwa kumbukumbu ya mgeni bila kuombwa, isipokuwa ikikatazwa.

Baada ya hapo uzi mmoja wa kerneli uitwao `ksmd` huanza kazi. Huamka, hupekua idadi fulani ya kurasa, kisha hulala. Kila ukurasa unaofikiwa hulinganishwa kwanza na kurasa zilizokwisha kuunganishwa, ambazo hutunzwa katika mti imara. Ukipatikana unaolingana, ukurasa mpya huunganishwa papo hapo. Usipopatikana, `ksmd` hukokotoa namba fupi ya muhtasari wa yaliyomo na kuilinganisha na ile iliyowekwa katika upekuzi uliopita. Namba zikitofautiana, ukurasa huhesabiwa kuwa unabadilika mara kwa mara na huachwa mpaka mzunguko ujao. Zikilingana, ukurasa hutafutiwa mwenzake katika mti wa pili, usio imara.

Mti huo wa pili huitwa hivyo kwa sababu kurasa zilizomo bado hazijafungwa: mgeni anaweza kuziandikia wakati wowote na kuvuruga mpangilio wa mti. Kerneli inaukubali udhaifu huo kwa sababu mbili. Kwanza, mti wote hubomolewa na kujengwa upya kila mzunguko unapoanza. Pili, kabla ya kuunganisha, kurasa mbili hufungwa zisiandikwe na hulinganishwa baiti kwa baiti. Mti ukivurugika, hasara ni nafasi ya kuunganisha iliyopotea. Data za mgeni hazichanganyiki na za mwingine.

Kurasa zikiunganishwa, ukurasa mmoja wa kumbukumbu halisi huwahudumia wageni wote kwa kusomwa tu. Mgeni akijaribu kuuandikia, prosesa husimamisha tendo hilo na kuiita kerneli. Kerneli humtengenezea mgeni huyo nakala yake binafsi, kisha humruhusu aendelee. Mgeni hapati taarifa yoyote ya haya yote. Dalili pekee anayoweza kuiona ni kwamba uandishi ule ulichukua muda mrefu kuliko kawaida, na sehemu ya 5.0 inaonesha kuwa dalili hiyo inatosha kuzua tatizo.

3.0 Mfano wa maabara: hesabu ya akiba

Ichukuliwe kuwa maabara ina seva yenye gigabaiti 64 za kumbukumbu, na darasa lina wanafunzi 24. Katika hesabu zote, gigabaiti moja ina kurasa 262,144. Kila mgeni amepewa gigabaiti 4, lakini kwa kazi ya darasani anagusa gigabaiti 3 tu. Mwenyeji mwenyewe anahitaji gigabaiti 3. Bila KSM mahitaji ni 24 × 3 + 3, yaani gigabaiti 75. Seva haitoshi.

Ichukuliwe pia kuwa katika gigabaiti 3 za kila mgeni, gigabaiti 1 inafanana kwa wageni wote. Sehemu hiyo hutoka hasa kwenye faili za mfumo na maktaba zilizosomwa kutoka diskini, kwa sababu faili moja ikisomwa na wageni wawili hupangwa katika kurasa kwa mipaka ileile. Sehemu ya kerneli ya mgeni haichangii sana kama mtu angetarajia. Mifumo ya sasa huipakia kerneli mahali tofauti kila mashine inapowashwa ili kumtatiza mshambuliaji, na anwani zilizomo ndani ya msimbo wake hubadilishwa kulingana na mahali hapo.

Kwa dhana hizo, gigabaiti 24 za nakala hubaki 1, na akiba ghafi ni gigabaiti 23. Kuna makato. Kwa kila ukurasa unaofuatiliwa, kerneli ya biti 64 hutunza rekodi ya baiti 64. Wageni 24 wana kurasa 18,874,368, kwa hiyo rekodi hizo huchukua takriban gigabaiti 1.1. Jumla ya matumizi baada ya kuunganisha ni 75 – 23 + 1.1, yaani gigabaiti 53.1. Seva sasa inatosha, na ziada ni karibu gigabaiti 11.

Msimamizi anaweza kuhakiki hesabu hii kwa kusoma vihesabio vya kerneli:

```
cd /sys/kernel/mm/ksm
grep . pages_shared pages_sharing pages_unshared \
       pages_volatile full_scans
```

Majina mawili ya kwanza huwachanganya wengi. `pages_shared` ni idadi ya kurasa halisi zilizobaki baada ya kuunganishwa. Katika mfano huu ni 262,144. `pages_sharing` ni idadi ya nafasi za ziada zinazotumia kurasa hizo, nayo ndiyo akiba: 23 × 262,144, yaani 6,029,312. Uwiano wa namba ya pili kwa ya kwanza ni 23, na uwiano mkubwa wa namna hiyo ni dalili ya ushirikishaji mzuri. Kinyume chake, `pages_unshared` ikiwa kubwa mno kulinganishwa na `pages_sharing`, `ksmd` inapekua kurasa nyingi zisizo na wenza na kupoteza muda wa prosesa. Katika mfano huu gigabaiti 2 za kila mgeni ni za pekee, hivyo sehemu kubwa ya upekuzi haizai kitu. Kuanzia kerneli 6.7, KSM hujifunza kuziruka kwa mizunguko kadhaa kurasa ambazo zimeshindwa kuunganishwa mara kwa mara.

4.0 Gharama ya prosesa na tatizo la muda

Kasi ya `ksmd` huamuliwa na namba mbili: `pages_to_scan`, idadi ya kurasa kwa kila kuamka, na `sleep_millisecs`, muda wa kulala. Kwa chaguo-msingi la kerneli ni kurasa 100 na milisekunde 20. Ikichukuliwa kuwa kupekua ukurasa mmoja kunagharimu mikrosekunde 5 za prosesa, matokeo ya kubadilisha namba ya kwanza ni kama ifuatavyo:

| `pages_to_scan` | Kurasa kwa sekunde | Dakika kwa mzunguko mmoja | Sehemu ya kiini kimoja cha prosesa |
|---|---|---|---|
| 100 | 4,878 | 64 | 2.4% |
| 1,000 | 40,000 | 8 | 20% |
| 5,000 | 111,111 | 3 | 56% |

Gharama ya mikrosekunde 5 ni dhana, na kila seva inapaswa kupimwa yenyewe. Kipimo ni rahisi: husomwa `full_scans` na muda wa prosesa uliotumiwa na `ksmd` mwanzoni na mwishoni mwa saa moja, kisha tofauti hugawanywa kwa idadi ya kurasa zilizopekuliwa.

Mstari wa kwanza wa jedwali una funzo kubwa kuliko mingine. Ukurasa ambao haumo katika mti imara hauwezi kuunganishwa katika mzunguko wa kwanza, kwa kuwa mzunguko huo hutumika kuweka namba ya muhtasari tu. Kuunganisha huanza katika mzunguko wa pili. Kwa mpangilio wa chaguo-msingi, mizunguko miwili huchukua zaidi ya saa 2, na kipindi cha maabara cha saa 2 kitakuwa kimekwisha. Msimamizi aliyewasha KSM na kuridhika kuwa `run` inaonesha 1 atakuwa amelipa gharama ya prosesa kipindi kizima, na akiba kamili itafika wanafunzi wakiwa wameondoka.

Mstari wa tatu una onyo la upande wa pili. Kuongeza kurasa mara tano, kutoka 1,000 hadi 5,000, hakuongezi kasi mara tano, kwa sababu muda wa kufanya kazi sasa unazidi muda wa kulala. Na kwa kuwa `ksmd` ni uzi mmoja, haiwezi kuzidi kiini kimoja cha prosesa hata ikiachwa isilale kabisa. Kwa kiwango kilichokadiriwa, kikomo chake ni kurasa 200,000 kwa sekunde. Ipo pia gharama isiyoonekana katika jedwali: `ksmd` husoma kurasa nyingi zisizotumika kwa wakati huo na kuzipitisha katika kashe ya prosesa, na hivyo kuzifukuza data ambazo wageni walikuwa wakizihitaji.

Gharama ya tatu inahusu kurasa kubwa. Ili kupunguza kazi ya kutafsiri anwani, kerneli hupenda kuwapa wageni kurasa za megabaiti 2 badala ya kilobaiti 4. KSM huunganisha kurasa ndogo tu. Inapopata ukurasa mdogo unaofaa ndani ya mkubwa, huuvunja mkubwa, na mgeni hupoteza faida ya kasi aliyokuwa nayo. Wageni waliotengewa kurasa kubwa tangu mwanzo kwa hifadhi maalumu hawaunganishwi kabisa, na vihesabio vyao vitabaki sifuri bila ujumbe wowote wa kosa.

Kwa maabara ya mfano, mpangilio unaofaa ni kurasa 1,000:

```
echo 1000 > /sys/kernel/mm/ksm/pages_to_scan
echo 1 > /sys/kernel/mm/ksm/run
```

Hata hivyo mpangilio huu peke yake hautoshi. Wageni wote 24 wakiwashwa kwa wakati mmoja na kuanza kazi mara moja, watagusa gigabaiti 72 kabla kuunganisha hakujaanza, na seva itakuwa imekwama. Dawa yake ni kuwawasha kwa makundi matatu ya wageni 8, kila kundi likiwa limepakia programu zake. Kundi la kwanza huchukua gigabaiti 24, na baada ya mizunguko miwili ya takriban dakika 2.6 kila mmoja hushuka hadi 17. Kundi la pili huipandisha jumla hadi 41. Kundi hili huunganishwa haraka zaidi, kwa kuwa kurasa zake zinakuta wenza katika mti imara na hazisubiri mzunguko wa pili. Jumla hushuka hadi 33. Kundi la tatu huipandisha hadi 57. Zikijumlishwa gigabaiti 3 za mwenyeji na 1.1 ya rekodi, kilele ni 61.1, chini ya 64. Kazi yote huchukua takriban dakika 18 hadi 20, na inaweza kuanzishwa nusu saa kabla ya kipindi.

Akiba iliyopatikana hivyo inafanana na mkopo: mwenye mali anaweza kuidai wakati wowote. Ichukuliwe kuwa katikati ya kipindi wageni wote wanaanza kujisasisha wenyewe, na nusu ya kurasa zinazoshirikishwa zinaandikwa upya. Kila mgeni anadai gigabaiti 0.5 ya nakala binafsi, jumla 12, huku nusu gigabaiti ya zamani ikiachiwa. Matumizi yanapanda kutoka 53.1 hadi 64.6, na seva imevuka uwezo wake. Ingawa nakala mpya nazo zinafanana, `ksmd` itahitaji dakika kadhaa kuligundua hilo, lakini kumbukumbu inahitajika sasa. Kerneli itaanza kuhamishia kurasa diskini, wageni wote watakuwa wazito, na mahali pasipo na nafasi ya diskini ya kutosha kerneli itamuua mgeni mmoja ili wengine wapone. Mwanafunzi wa mgeni huyo atapoteza kazi yote ambayo hajaihifadhi.

Dalili za hali hiyo huonekana kabla ya ajali: `pages_sharing` hushuka kwa kasi, kisha safu za `si` na `so` katika amri ya `vmstat` huacha kuwa sifuri. Kosa baya zaidi wakati huo ni kuandika 2 katika `run` kwa nia ya kuipumzisha prosesa, kwa kuwa thamani hiyo husimamisha `ksmd` na kuzitenganisha kurasa zote, na hivyo kudai gigabaiti 23 kwa mkupuo. Thamani ya 0 husimamisha upekuzi na kuziacha kurasa zilizounganishwa kama zilivyo. Kinga bora ni kuzuia usasishaji ndani ya wageni na kuufanya katika kiolezo, nje ya saa za masomo.

5.0 Usalama: muda unaofichua siri

Mgeni hatakiwi kujua chochote kuhusu kumbukumbu ya jirani yake. KSM inalidhoofisha sharti hilo kwa njia nyembamba lakini ya hakika. Ukurasa usioshirikishwa huandikwa kwa muda mfupi sana. Ukurasa ulioshirikishwa hulazimu kerneli iitwe, baiti 4,096 zinakiliwe na ramani ya anwani ibadilishwe. Tofauti hiyo hupimika kwa saa ya prosesa ndani ya mgeni bila ruhusa yoyote ya pekee.

Mpelelezi hufuata hatua nne. Hutengeneza ukurasa wenye yaliyomo anayoyashuku kuwa yapo kwa jirani. Husubiri muda wa mizunguko miwili. Huandika baiti moja katika ukurasa huo na kupima muda. Muda ukiwa mrefu, ukurasa ulikuwa umeunganishwa, na kwa hiyo mahali fulani katika seva ile kuna ukurasa wenye yaliyomo yaleyale. Mwaka 2011 Kuniyasu Suzaki na wenzake walionesha kwa njia hii kwamba mgeni mmoja anaweza kutambua programu zinazoendeshwa na mgeni mwingine, na hata faili iliyofunguliwa katika kivinjari chake.

Mtu anaweza kujibu kwamba kukisia baiti 4,096 ni jambo lisilowezekana. Jibu hilo ni sahihi pale tu ukurasa wote unapokuwa siri. Ichukuliwe kuwa katika seva ileile ya maabara kuna mgeni wa 25 anayetunza matokeo ya mitihani, na kwamba programu yake huandaa barua ya matokeo kutoka kiolezo kinachojulikana na kila mwanafunzi. Jina na namba ya usajili vinajulikana. Kisichojulikana ni alama, kutoka 0 hadi 100. Mpelelezi anahitaji kurasa 101 tu, kila moja ikiwa na alama yake, na zote hupimwa katika kipindi kimoja cha kusubiri. Ukurasa mmoja ukichelewa kuandikika, alama imefichuka. Shambulio hili lina masharti: barua ianze mahali palepale katika ukurasa, ikae kumbukumbuni bila kubadilika kwa mizunguko miwili, na kipimo kirudiwe ili kuondoa kelele. Ni masharti magumu, lakini hakuna hata moja lililo chini ya ulinzi wa msimamizi. Tena, kadiri msimamizi anavyoongeza kasi ya `ksmd` ili apate akiba mapema, ndivyo muda wa kusubiri wa mpelelezi unavyopungua.

Hatari ya pili hutokana na kashe ya prosesa. Wageni wawili wakishiriki ukurasa wa msimbo, mmoja anaweza kuufuta kutoka kwenye kashe na kisha kupima kama mwenzake ameurudisha kwa kuutumia. Yuval Yarom na Katrina Falkner walionesha mwaka 2014 kwamba mbinu hiyo hutoa ufunguo wa siri wa programu ya GnuPG, hata baina ya mashine pepe tofauti. Mwaka huohuo watafiti wengine waliitumia dhidi ya usimbaji wa AES katika VMware, na Oktoba 2014 kampuni hiyo ilitangaza kwamba ushirikishaji wa kurasa baina ya mashine pepe ungezimwa kwa chaguo-msingi.

Hatari ya tatu ni nzito kuliko zote kwa kuwa hubadilisha data badala ya kuzisoma. Mwaka 2016 watafiti kutoka Amsterdam na Leuven, wakiongozwa na Kaveh Razavi, walitumia udhaifu wa vipande vya kumbukumbu ambavyo biti zake hupinduka pale safu za jirani zinaposomwa mfululizo kwa kasi kubwa. Mshambuliaji hutafuta kwanza mahali dhaifu ndani ya kumbukumbu yake mwenyewe. Huweka hapo nakala ya ukurasa wa mlengwa ambao yaliyomo yake ni ya wazi, kama vile faili ya funguo za umma za kuingilia mashine. KSM ikiunganisha kurasa hizo na kubakisha ile iliyo mahali dhaifu, mshambuliaji huzisoma safu za jirani hadi biti ipinduke. Kwa kuwa hakuna amri ya kuandika iliyotolewa, kerneli haiitwi na nakala haitengenezwi. Mlengwa anabaki na ufunguo uliobadilika. Ufunguo huo mpya mara nyingi hugawanyika kirahisi katika vigawo vyake, na mshambuliaji hukokotoa ufunguo wa siri unaolingana nao.

6.0 Uamuzi wa matumizi

KSM ya Linux haina vikundi vya uaminifu: wageni wote waliotangazwa huingia katika mti mmoja, na msimamizi hawezi kuagiza kundi moja liunganishwe ndani kwa ndani na jingine vivyo hivyo. Alicho nacho ni kumtoa mgeni mmoja mmoja. Kwa wanaotumia libvirt, mgeni hutolewa kwa maelezo haya katika faili yake:

```
<memoryBacking>
  <nosharepages/>
</memoryBacking>
```

Mgeni aliyetolewa hivyo hapekuliwi, na ukurasa wa kukisia alama uliotengenezwa na jirani hautapata mwenza kwake. Katika mfano wa makala haya, wageni 24 wa darasa wanaweza kuachwa ndani, kwa kuwa wana yaliyomo yaleyale ya kiolezo na hawana siri inayozidi kazi za darasani. Mgeni wa matokeo anapaswa kutolewa, na ni bora zaidi akihamishiwa seva nyingine, kwa sababu kuna mashambulizi ya kashe na ya kupindua biti yasiyohitaji ushirikishaji wa kurasa. Wakati wa mtihani wa vitendo, hata wageni wa darasa hubadilika hadhi: jibu la mwanafunzi mmoja huwa siri kwa mwingine. Kwa siku hiyo darasa ligawanywe katika mikupuo miwili ya wanafunzi 12, ambayo mahitaji yake ni gigabaiti 36 na 3 za mwenyeji, na KSM izimwe kabisa.

7.0 Hitimisho

Makala yameonesha kwamba seva ya gigabaiti 64 isiyotosha wanafunzi 24 inaweza kuwatosha kwa KSM, kwa gharama ya takriban moja ya tano ya kiini kimoja cha prosesa, endapo wageni wanawashwa kwa makundi na kasi ya upekuzi inaongezwa. Yameonesha pia kwamba akiba hiyo haipaswi kuhesabiwa kuwa ni kumbukumbu iliyonunuliwa. Pale ambapo kurudi ghafla kwa nusu ya kurasa zilizounganishwa kungeiangusha seva, idadi ya wageni imezidi. Katika mfano uliotolewa, kupunguza mgeni mmoja huokoa gigabaiti 2 za pekee pamoja na nusu gigabaiti ya nakala zinazoweza kudaiwa, na kunaishusha hali mbaya iliyokadiriwa kutoka 64.6 hadi takriban 62. Darasa la wanafunzi 23 kwa seva hiyo ndilo linaloweza kuhimili usasishaji usiotarajiwa. La 24 linategemea kwamba hautatokea.